Betri imejaa, mashine inasema imeisha: ununue nini kwanza

Umeme wa SNEL ukikatika Lubumbashi, nyumba nyingi hubaki kwenye betri ya 12 V na paneli ya jua. Mafundi wengi wameanza kujitengenezea kifaa cha kuilinda betri hiyo: chipu ya ATmega328P inapima volti, na moduli ya simu ya SIM800L inamtumia mwenye nyumba meseji betri ikishuka. Mwongozo huu ni wa kifaa hicho, maana ndicho kinachoonyesha vizuri jinsi kelele ya umeme inavyoharibu vipimo, na jinsi watu wanavyopoteza pesa kwa kununua kapasita kubwa wakati tatizo liko kwenye waya.

Tuangalie kwanza kinachotokea. SIM800L ikiongea na mnara haivuti mkondo sawasawa. Kila milisekunde 4.6 inavuta kwa ghafla hadi amperi 2, kwa muda wa milisekunde 0.58 hivi, kisha inatulia. Sasa chukua bredibodi ambayo chipu na moduli vinatumia masi moja, yaani njia moja ya hasi ya kurudi kwenye LM2596, kigeuzi kinachoshusha volti ya betri, kupitia waya mwembamba wa sentimita 20. Waya huo pamoja na miguso yake una ukinzani wa kama omu 0.05. Amperi 2 zikipita, masi ya chipu inapanda volti 0.1 juu ya hasi ya betri.

Volti 0.1 inaonekana ndogo mpaka uifuatilie kwenye kipimo. Betri ya 12 V haiwezi kupimwa moja kwa moja, kwa hiyo tunaigawa kwa nne kwa rezista ya kilo-omu 30 juu na ya 10 chini. Betri yenye 12.6 V inatoa 3.15 V. Kama mguu wa chini wa rezista umefungwa kwenye hasi ya betri, chipu ambayo masi yake imepanda itaona 3.05 V, itazidisha kwa nne, na kusema 12.2 V. Kwa betri ya risasi 12.6 ni imejaa, na 12.2 ni nusu hivi. Meseji ya onyo inatumwa, na kuituma huko kunaamsha moduli, inavuta amperi 2 tena, na kipimo kinachofuata kinaweza kuanguka vilevile. Kwa kuwa moduli inavuta sehemu moja tu kati ya nane za muda, kosa linakuja na kupotea, na multimita haiwezi kuliona kwa sababu inachukua wastani.

Kwa hiyo cha kwanza kununua ni waya. Omba kipande cha waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule wa kufungia nyumba, pamoja na bodi ya mashimo ya kulehemu. Sentimita 20 za waya huo ni kama omu 0.0023, na amperi 2 zinatoa kama milivolti 5 tu, sawa na hesabu moja kati ya 1024 za chipu inayopima kwa 5 V. Halafu usiunganishe masi kwa mnyororo. Moduli ipate waya wake wa hasi hadi kwenye LM2596, chipu ipate wake, na zikutane hapo tu. Mguu wa chini wa rezista ya 10 uufunge kwenye masi ya chipu yenyewe, si kwenye betri. Hata masi ikipanda ile volti 0.1, kipimo kitasema 12.5 badala ya 12.2, kwa sababu sasa kosa halizidishwi kwa nne. Hatua hii haigharimu chochote, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Cha pili ni kapasita za kauri za nanofaradi 100, zenye maandishi 104. Nunua nyingi, ni za bei ndogo. Chipu ya miguu 28 inataka moja kati ya mguu wa 7 na wa 8, moja kati ya 20 na 22, na moja kutoka mguu wa 21 hadi 22, ambako kuna volti ya kulinganishia vipimo. Ya nne weka sambamba na rezista ya kilo-omu 10. Kazi ya hizi ni kuipa chipu mkondo wake wa ghafla papo hapo inapobadilisha hali, kabla waya mrefu haujaanza kuleta.

Hapa urefu wa miguu ndio unaoamua. Kila milimita ya mguu inaongeza takriban nanohenri 1. Ukiiacha miguu miwili ya sentimita 2 kila mmoja, kapasita inakuwa kama koili juu ya megahezi 2.5 hivi. Ukiikata ibaki milimita 5 kila mmoja, inavuka megahezi 5. Kwa hiyo ile ndogo uliyoilehemu karibu kabisa na mguu wa chipu inashinda ile nzuri uliyoiweka mbali.

Kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi, utazikuta huru kwenye mfuko, bila jina la mtengenezaji. Tafuta X7R, ambayo haibadiliki zaidi ya asilimia 15 kwa joto kutoka -55 hadi 125. Ile ya Y5V inaweza kupoteza hadi asilimia 82 ya thamani yake. Kama Y5V ndiyo iliyopo peke yake, inunue, ni bora kuliko kuacha nafasi tupu, lakini usiitumie pale kwenye rezista ya kipimo.

Nafasi ya tatu ni kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 1000, 10 V au 16 V, yenye ukinzani mdogo wa ndani, iliyoandikwa 105°C. Inawekwa kwenye miguu ya SIM800L yenyewe, si kwenye chipu. Usitarajie ibebe mzigo peke yake: amperi 2 kwa milisekunde 0.58 zikitoka kwake tu, volti inashuka kwa 1.16, na moduli inajizima ikipata chini ya 3.4 V. Kazi yake ni kusaidia LM2596. Upande wa betri weka ya 25 V, kwa sababu betri ikichajiwa inafika 14.4 V na ile ya 16 V inabaki na nafasi ndogo. Angalia mstari wa hasi kabla ya kulehemu.

Za kauri za mikrofaradi 10 nazipa nafasi ya nne. Ni nzuri, lakini ndogo ya 6.3 V ikiwekewa 5 V inaweza kubaki na chini ya nusu ya thamani yake, kwa hiyo chukua ya 16 V au zaidi.

Tantalumu ni ya mwisho kwangu: ikizidiwa volti inapiga shoti na inaweza kuwaka. Elektroliti za kutoa kwenye mabodi ya zamani ya kompyuta ziache kama kichwa kimevimba au kuna unyevu chini.

Baada ya kufunga, pima hivi moduli ikiwa inatuma meseji:

```
int chini = 1023, juu = 0;
for (int i = 0; i < 500; i++) {
  int x = analogRead(A0);
  if (x < chini) chini = x;
  if (x > juu) juu = x;
}
Serial.println(juu - chini);
```

Vipimo 500 vinachukua kama milisekunde 56, vinatosha kuipitia mivuto mingi ya moduli. Tofauti ya hesabu 2 au 3 ni kazi nzuri. Ikiwa 15 au zaidi, usiongeze kapasita: fungua waya wa hasi wa moduli, uulehemu moja kwa moja kwenye LM2596, pima tena.