Kila asubuhi sekunde 15 za kusubiri: uzoefu wangu na kampuni inayotuendeshea waifai ofisini

Nilianza kuandika maoni haya nikiwa nimekusudia kuwapa nyota mbili, kwa sababu huduma yao mchana huwa nzuri na intaneti yenyewe haina kasoro. Lakini kila nikimkumbuka yule fundi wao wa kwanza, hata hizo mbili naziona nyingi.

Ofisi yetu ya Dar es Salaam haitumii nenosiri moja la waifai kwa watu wote. Kila mfanyakazi huingia kwa jina na nenosiri lake, na kidhibiti cha mtandao hakimruhusu mpaka kwanza kiiulize seva ya uthibitishaji, ile inayoitwa RADIUS, ambayo kampuni hii inaiendesha nje ya jengo letu. Miezi michache iliyopita, kuingia kukaanza kuwa kuzito. Watu wakifika saa mbili asubuhi, simu inaonyesha mawimbi yamejaa, halafu inabaki kwenye neno "Inaunganisha" mpaka mtu anakata tamaa na kutumia bando lake mwenyewe.

Mimi ndiye ninayesimamia kompyuta za ofisi, kwa hiyo niliwapigia. Alikuja kijana, akatazama mawimbi kwenye simu yake kwa dakika moja, akaniambia mbele ya wenzangu, "Mama, simu za watu wako ni za zamani, zibadilisheni." Nilimweleza kwamba waliokwisha kuingia wanaendelea kufanya kazi bila tatizo, na kwamba mtandao wa wageni, unaotumia nenosiri moja la pamoja na kurushwa na vifaa vilevile, unamkubali mtu papo hapo. Mambo hayo mawili peke yake yalitosha kumwonyesha kuwa kasoro haikuwa kwenye mawimbi wala kwenye simu, bali kwenye ile hatua ya kuthibitisha jina. Hakunisikiliza, akaondoka.

Nilikaa na kumbukumbu za kidhibiti jioni ile. Zilijaa taarifa kwamba seva ya kwanza haijibu. Kidhibiti chetu kiliandikiwa seva mbili, na kiliagizwa kisubiri jibu kwa sekunde 5, kitume ombi mara tatu kwa jumla, ndipo kigeukie seva ya pili. Maombi ya RADIUS kwetu husafiri kwa UDP, ambayo haina njia ya kuhakikisha kwamba ujumbe umefika, kwa hiyo seva iliyozimwa na seva iliyochelewa huonekana sawa: zote ni kimya. Sekunde 5 mara tatu ni 15, na simu nyingi hukata na kuanza upya kabla ya hapo. Baya zaidi, muda wa kuikumbuka seva kuwa imekufa uliwekwa sifuri, kwa hiyo kila mfanyakazi aliyefika alisubirishwa upya na seva ileile ambayo mwenzake alikwisha kuikuta imekufa.

Kampuni ilikuwa tayari imesajili kompyuta yangu kwenye seva zote mbili kwa ajili ya majaribio, nami nikaijaribu kila moja kwa amri hii:

```
radtest jina nenosiri 10.0.0.5 0 siri
```

Ya kwanza haikujibu kabisa. Ya pili ilijibu, ila kwa kusitasita, nami nikadhani sasa ilibeba peke yake mzigo wa asubuhi wa wateja wao wote. Ni kweli kwamba jaribio hili lina mpaka wake: linatuma ombi moja jepesi, ilhali kuingia kwa simu ni mazungumzo ya kwenda na kurudi mara kadhaa, na ujumbe mmoja ukipotea katikati, sekunde 5 nyingine zinakwenda. Seva iliyolemewa hupokea pia maombi yanayorudiwa, na hayo yanaizidishia mzigo.

Niliwatumia yote hayo kwa maandishi. Baada ya siku kadhaa alikuja fundi mwingine, mtu mzima, akasalimia, akasoma nilichoandika mpaka mwisho, akasema, "Dada, uko sahihi, seva ile tuliihamisha na anwani yako haikubadilishwa." Aliandika anwani mpya, akapunguza kusubiri kuwa sekunde 2, akaagiza kwamba seva isiyojibu iachwe kwa dakika 10 kabla ya kujaribiwa tena. Alimaliza kabla ya chai. Kesho yake watu waliingia kwa sekunde mbili tatu, nami nikawa tayari kuwapa nyota nne kwa ajili yake.

Wiki iliyofuata ikaja ankara ya "kuboresha mtandao", yaani ada ya kusahihisha anwani ambayo wao wenyewe waliisahau. Nimewapa nyota moja. Ankara iko mezani kwangu, sijailipa, na barua ya kuikataa nimekwisha kuituma pamoja na nakala ya zile kumbukumbu.