Uzoefu wangu: miwani mpya ya -5.00 na ukaguzi nilioufanya palepale kaunta

Wadau wa macho mabovu wenzangu, nimechukua miwani mpya juzijuzi hapa Dar, maduka ya kule Posta, jina la duka naliacha maana mwisho wa siku walinirekebishia. Namba zangu ni -5.00 macho yote mawili, na jicho la kulia lina silinda kidogo -0.50 kwenye 180. Umbali kati ya mboni na mboni, ile PD, kwenye cheti imeandikwa 62, yaani milimita 62, kila jicho 31 kutoka katikati ya pua. Fremu ni ya plastiki nyeusi, lenzi zile za 1.6 nyembamba zenye koti ya kuzuia mng'ao. Kwa muonekano sina la kusema, fremu kali, lenzi safi haina mkwaruzo, shida ilikuwa kwenye vitu ambavyo ukijiangalia kwenye kioo cha dukani huvioni.

Yule dada wa kaunta alinivisha akaniuliza "unaona vizuri kaka?" nikasoma bango la barabarani nikaona kila kitu. Sasa hapo ndo watu wengi wanalipa wanaondoka. Ila kusoma bango kunakwambia tu kwamba nguvu ya lenzi ipo karibu na sahihi, hakukwambii lenzi imekatwa ikakaa mahali pake kwenye fremu. Nikamwomba dakika kumi na kaunta iliyo wazi, akacheka, ila akanipa.

Nilianza na fremu yenyewe kwa sababu ukipima lenzi wakati fremu imepinda unajidanganya. Fungua mikono yote miwili, igeuze miwani kichwa chini, weka juu ya kioo cha kaunta au meza iliyonyooka kabisa (siyo meza ya mbao iliyobonyea). Inatakiwa iguse sehemu nne, ukingo wa juu wa kila lenzi na kila mkono kule nyuma. Ya kwangu mkono wa kushoto ulikuwa unaelea, unaugusa kwa kidole unashuka ukiuachia unapanda, tik tik. Maana yake mkono wa kushoto umeinama kwenda chini kuliko wa kulia, na ukivaa, upande wa kushoto wa uso lenzi inapanda juu. Kweli nikavaa nikaangalia kwenye kioo, kushoto ilikuwa juu kidogo, nilidhani ni nyusi zangu.

Akaitwa fundi, mzee mmoja mpole sana, shikamoo yake nikampa, akaichukua akapasha moto pale karibu na bawaba kwa mashine ya hewa ya moto akaukunja mkono wa kushoto uende juu. Kanuni yao ni rahisi kukumbuka japo inachanganya mara ya kwanza: upande uliopanda usoni, mkono wake unapandishwa, upande ulioshuka, mkono wake unashushwa. Mtu asiyejua anafanya kinyume na inazidi kupinda. Na tafadhali usiikunje mwenyewe nyumbani ikiwa baridi, plastiki inakatika pale kwenye bawaba, na moto mwingi nao unapasua ile koti ya lenzi ikawa na vijistari kama utando wa buibui.

Sasa meza ikawa sawa, sehemu zote nne zinagusa, nikavaa tena... bado kulia imeshuka! Fundi akacheka akasema kijana masikio yako hayapo usawa, na hii ni ya kawaida, watu wengi sikio moja lipo juu kuliko lingine. Kwahiyo akashusha kidogo mkono wa kulia, na sasa hivi miwani yangu ukiiweka mezani kichwa chini inatikisika upande wa kulia na ndivyo inavyotakiwa iwe kwangu. Meza inakupa mahali pa kuanzia tu, mwamuzi wa mwisho ni uso wako. Ukienda duka wakakwambia "mbona mezani iko sawa" wakati usoni imepinda, usikubali.

Mlalo nao tuliuangalia, ni haraka tu. Ukiitazama miwani kwa ubavu ikiwa usoni, sehemu ya chini ya lenzi inatakiwa iwe imeingia kidogo kuelekea mashavuni, mafundi wengi wanalenga nyuzi 8 mpaka 12 hivi. Ikiwa wima kabisa, au mbaya zaidi chini imetoka nje, rudisha. Halafu ivue uikunjue uitazame kwa ubavu, mikono miwili inatakiwa ifunikane, ukiona mmoja unachungulia chini ya mwenzake basi lenzi moja imelala kuliko nyingine (kwangu baada ya kurekebisha ilikuwa inachungulia kidogo sana, kwa sababu ya hayo masikio). Kwa sisi wa namba kubwa mlalo ukizidi unaongeza nguvu ya lenzi kidogo na silinda ambayo daktari hakuiandika, mwenye -1.00 hatasikia kitu.

Haya sasa tuje kwenye penyewe, mstari ulionyooka. Nilitafuta fremu ya mlango wa duka, mstari wima mrefu. Shika miwani mbele yako kwa urefu wa mkono, lenzi iangalie mlango bila kuinamishwa, fumba jicho moja, tazama mstari wa mlango kupitia lenzi moja. Utaona kipande cha mstari kilichomo ndani ya lenzi kimekatika, hakiungani na kile cha juu na cha chini nje ya lenzi. Sogeza miwani taratibu kushoto kulia, na lenzi za kuonea mbali kama zangu kile kipande kinafuata upande unaosogezea, za kusomea zenye jumlisha kinaenda kinyume. Kuna sehemu moja tu mstari unaungana moja kwa moja kuanzia juu mpaka chini kama hakuna lenzi, hapo mstari unapita kwenye senta ya lenzi. Weka alama kwa maka peni ya kufutika. Fanya hivyohivyo na mstari wa kulala, mimi nilitumia kizingiti cha dirisha, na pale mistari miwili inapokatana ndo senta yenyewe. Weka nukta. Rudia lenzi ya pili.

Nikapima na rula ya milimita nukta mpaka nukta. 66! Nikarudia maana mkono unatetemeka, ikaja 66 tena, labda na nusu. Nikapima kila upande kutoka katikati ya daraja la pua, kulia 31, safi kabisa, kushoto 35. Yaani lenzi ya kulia imekaa sawasawa na ya kushoto senta yake imekimbilia kuelekea sikioni milimita 4.

Mtu atasema milimita 4 ni nini. Hesabu yake ni hii, senti mita za kukosea mara nguvu ya lenzi. 0.4 mara 5 ni 2, yaani jicho langu la kushoto linakuwa linaangalia kupitia prizimu ya 2, yaani lenzi inaisogeza picha pembeni, na hakuna aliyeiandika. Na upande iliyokosea ndo mbaya, kwa lenzi za kutoa senta zikienda nje macho yanalazimika kufunguka kuelekea nje ili picha mbili ziungane, na macho ni hodari kuingia ndani ila kwenda nje hayawezi sana. Matokeo yake ni kichwa kuuma juu ya nyusi jioni, macho kuchoka, wengine wanaona viwili wakichoka. Na unaambiwa "utazoea". Mwenye -1.00 kwa kosa hilohilo anapata 0.4 tu, pengine asijue maisha yake yote, ndo maana hili jambo linatuhusu zaidi sisi wa chupa za soda. Viwango vya Marekani, ANSI Z80.1, kwa lenzi kali vinavumilia milimita 2.5 kwa upana, na kwa urefu milimita 1 tu, sababu jicho moja juu na lingine chini hayavumiliani kabisa. Kwa urefu zangu zilikuwa usawa, hapo sina malalamiko.

Yule dada alianza kusema mstari wa mlango siyo kipimo, nikamwambia sawa dada, weka kwenye mashine yenu. Kila duka la maana lina ile mashine ya kusoma lenzi, inasoma namba na inagonga nukta kwenye senta. Fundi akaiweka, ikagonga 65 na kitu, rula yangu imekosea nusu tu. Akanyamaza akaangalia cheti, akasema lenzi ya kushoto itakatwa upya bila malipo. Sikugombana na mtu, kukiwa na nukta mbili na rula mezani hakuna cha kubishania.

Iliporudi lenzi mpya nukta zilisoma 62. Nikavaa na nukta zikiwepo, nikamtazama fundi aliyekaa macho yake usawa na yangu, akaona kila nukta ipo katikati ya mboni kwa upana na chini kidogo kwa urefu. Hiyo chini kidogo siyo kosa, mlalo ukiwepo senta inatakiwa ishuke, wao wanahesabu milimita 1 kwa kila nyuzi 2 za mlalo. Nikaangalia vigae vya sakafu, katikati mistari imenyooka, pembeni kabisa inajikunja kidogo na hiyo ni kawaida ya lenzi za namba kubwa, hakuna duka litakuondolea hilo kwa pesa ya kawaida.

Tahadhari kwa mnaotaka kujaribu. Kama miwani yako ni zile za progresivu mtindo huu wa mlango haufai, zenyewe zinakuja na michoro ya rangi juu ya lenzi, kataa isifutwe mpaka ule msalaba uonekane mbele ya mboni yako. Kama daktari kakuandikia prizimu, senta haitakaa kwenye mboni na ni makusudi. Na kama silinda yako ni kubwa na imekaa mshazari, mstari ndani ya lenzi utaonekana umeinama kabisa hauungani popote, hapo iachie mashine. Namba chini ya 1.00 nazo mstari unakatika kidogo sana hutaona vizuri.

Duka nawapa nyota 3 na nusu kati ya 5. Fundi peke yake ni 5, kukata upya bure ni 5, ila lenzi haikupaswa kufika kaunta bila kupimwa wakati mashine ipo hatua tatu kutoka hapo. Bei yao ni ya kawaida kwa Posta. Mkienda ombeni yule mzee aikunje, na beba rula yako, yao ilikuwa ya inchi 😂