Miezi saba na "Long Position" ya TradingView: stopu chini ya bonde

Nafanya biashara ya EUR/USD, yaani euro dhidi ya dola, usiku, nikishafunga duka langu la viungo pale Markiti. Akaunti yangu ni dola 1,000, na kwa kila biashara nimejiruhusu kupoteza dola 10 tu, basi. Zamani stopu yangu, yaani bei ambayo biashara hujifunga yenyewe ili kukata hasara, ilikaa asilimia 0.3 chini ya bei niliyonunulia, siku zote, na loti, yaani ukubwa wa biashara, ilikuwa 0.03 siku zote.

Biashara iliyonibadilisha naikumbuka vizuri. Nilinunua 1.0840. Asilimia 0.3 ni kama pipsi 32, pipsi moja ikiwa 0.0001 ya bei, kwa hiyo stopu ikakaa 1.0808. Kwenye chati ya saa nne, bonde la mwisho, yaani mahali bei iliposhuka ikageuka, lilikuwa 1.0802. Bei ikateremka hadi 1.0805, ikanitoa na hasara ya dola 9.60, kisha ikapanda hadi 1.0920 bila kuligusa lile bonde. Nilikuwa nimeona sawasawa kwamba itapanda, lakini stopu yangu ilisimama mahali pasipo na maana yoyote kwa wanunuzi wengine.

Binamu yangu wa Kisauni, aliyenitangulia katika kazi hii, alinikalisha na simu yangu. "Kwani bei ikifika 1.0808, kuna nini kilichovunjika?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Ndipo akanionyesha kifaa hiki, Long Position, kilichomo kwenye chati za TradingView. Unakichora kwenye chati, unaburuta mstari wa chini mpaka pale unapotaka stopu, na kwenye mipangilio unajaza salio la akaunti na kiasi unachokubali kupoteza. Kinakupa ukubwa wa biashara.

Tukairudia biashara ileile. Stopu tuliiteremsha chini ya bonde, na si palepale kwenye bonde lenyewe, kwa sababu stopu nyingi hurundikana hapo na bei mara nyingi huchungulia kidogo chini kabla ya kugeuka. Tukaacha nafasi ya pipsi 8, ikawa 1.0794. Umbali umekuwa pipsi 46 badala ya 32. Mimi nikadhani hasara nayo inaongezeka. Haiongezeki, mradi loti ipungue: loti 0.01 ni senti 10 kwa kila pipsi, kwa hiyo pipsi 46 ni dola 4.60. Dola 10 gawanya kwa 4.60 unapata 2.17, nawe unashusha hadi 0.02. Stopu ikiguswa unapoteza dola 9.20. Siku hizi chati ndiyo inayonipa stopu, na stopu ndiyo inayonipa loti. Kwanza nilikuwa nimeyageuza.

Faida nayo lazima ipimwe kwa umbali huo mpya. Kilele cha karibu kilikuwa 1.0920, pipsi 80 juu, nami nahatarisha 46. Hiyo naikubali. Lau kilele kingekuwa 1.0880, ningeiacha, kwani pipsi 40 hazistahili kuhatarishiwa 46. Kuisogeza stopu juu ili hesabu ipendeze ni kurudi kulekule nilikotoka.

Yapo yanayonikera. Kwangu mimi kifaa ni mchoro tu, na stopu naiandika mwenyewe kwa broka. Hakijui spredi pia, yaani tofauti kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Hili huwaumiza zaidi wanaouza wakitarajia bei ishuke, maana stopu ya muuzaji huwekwa juu ya kilele na huguswa na bei ya kununulia, ambayo iko juu ya ile inayoonekana kwenye chati nyingi za broka. Siku ya soko inapofungwa New York, kwetu ni saa sita usiku au saa saba kutegemea majira yao, spredi hutanuka, na stopu iliyobanwa huondoka ingawa chati haionyeshi kufika. Mimi nikiuza huongeza spredi juu ya zile pipsi 8. Na mwishoni mwa wiki bei inaweza kufunguka chini kabisa ya stopu. Hapo zile dola 10 si ahadi tena, kwa hiyo Ijumaa jioni nafunga.

Bonde likiwa karibu mno, tuseme pipsi 14, hesabu hukupa loti 0.07, na hapo spredi ya pipsi 2 tu inakula sehemu kubwa ya nafasi yako. Likiwa mbali, pipsi 130, hata loti ndogo kabisa ya 0.01 itakugharimu dola 13. Akaunti yangu haibebi biashara hiyo, nami siifanyi hata kama chati inanivutia.

Nakipa nyota nne. Ya tano nitaitoa siku kitakaponiwezesha kujaza spredi.