Uzoefu wangu wa kuagiza skripti ya video ya uhuishaji kuhusu riba limbikizi

Mimi ni mratibu wa elimu kwa wanachama katika chama kimoja cha akiba na mikopo mkoani Morogoro. Mwaka huu tuliagiza skripti ya video fupi ya uhuishaji ya kueleza riba limbikizi, yaani riba inayohesabiwa juu ya mtaji pamoja na riba iliyokwisha kuingia. Tulichokinunua kwa studio moja ya Dar es Salaam kilikuwa skripti peke yake. Uchoraji tulikusudia kumpa kijana anayefanya kazi hiyo hapa mjini. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya vyama na shule zinazofikiria kununua huduma kama hiyo, kwa sababu ubora wa skripti ya namna hii hauonekani kwa kuisoma harakaharaka, na yaliyotusumbua hayakuwa katika maneno ya msimulizi bali katika maelezo ya picha.

Skripti ililetwa kwa wakati, ikiwa katika jedwali la safu tatu: muda kwa sekunde, maneno ya msimulizi, na kinachoonekana. Video nzima ilipangiwa sekunde 90. Msimulizi alipewa maneno machache kuliko nilivyotarajia, na hilo lilinifurahisha, kwa kuwa anayejaza sekunde zote kwa maneno humnyima mtazamaji nafasi ya kuangalia namba inavyobadilika. Mfano waliouchagua nao ulikuwa mzuri: shilingi 1,000,000 zinazowekwa mara moja kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, bila kuongeza wala kutoa chochote. Ni namba ambazo mtu anaweza kuzihakiki kichwani kwa miaka miwili ya kwanza, na baada ya hapo anakuwa tayari kuiamini grafu.

Kipande cha kwanza, sekunde 0 hadi 12, kilituonyesha mbegu ya embe ikichipua, ikawa mche, kisha mwembe mkubwa wenye matunda. Nilikikataa. Mwembe hukua kwa kasi ukiwa mchanga na kupunguza mwendo unapokomaa, ilhali riba limbikizi hufanya kinyume chake, kwa hiyo mtazamaji anafundishwa umbo lisilo sahihi kabla hata ya somo kuanza. Studio ilikubali bila ubishi na kuleta mwanzo mpya ambao nadhani ni bora mara kumi: vitabu viwili vya akiba vimefunguliwa sambamba, kila kimoja kikiwa na 1,000,000 kwenye mstari wa kwanza. Mwaka mmoja unapita, kalamu inaandika 1,100,000 katika vyote viwili. Mwaka wa pili, cha kushoto kinaandikwa 1,200,000 na cha kulia 1,210,000. Picha inasimama hapo, zile 10,000 zinapigwa mstari, na msimulizi anauliza zimetoka wapi. Swali hilo ndilo linalobeba video yote.

Kipande cha pili, sekunde 12 hadi 30, ndicho kinachojibu, na hapa lazima niisifu studio. Ukurasa wa kitabu unageuka kuwa nguzo yenye rangi tatu. Chini kabisa ni mtaji, kwa kijani, ambao haubadiliki. Juu yake ni riba ya mtaji, kwa njano, inayoongezeka 100,000 kila mwaka. Juu kabisa ni riba iliyozaliwa na riba, kwa rangi ya chungwa. Mwaka wa kwanza rangi ya chungwa haipo kabisa. Mwaka wa pili, tofali la njano la mwaka uliotangulia linametameta, na juu yake kinatokea kipande chembamba cha chungwa chenye maandishi 10,000. Mwaka wa tatu jumla inafika 1,331,000, na chungwa imefika 31,000. Maelezo yanasema wazi kwamba kipande kipya kitoke ndani ya kile kilichokizaa, kisishuke kutoka juu ya skrini kama fedha ya bahati nasibu. Maelekezo madogo ya namna hiyo ndiyo yanayotofautisha skripti ya mtu anayeielewa hesabu na ya mtu anayetafuta tu kitu cha kuchezesha.

Hata hivyo, kulikuwa na tatizo la vipimo ambalo lilionekana tu baada ya mchoraji wetu kuchora rasimu. Skripti, ikiwa imekwisha kurekebishwa mara ya kwanza, ilitaka kipimo kimoja cha grafu kitumike tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, kikifika shilingi milioni 7. Ukiwa na nafasi ya pikseli 1,000 kwenda juu, ambayo ndiyo tuliyokuwa nayo kwenye video ya wima ya simu, zile 10,000 za mwaka wa pili zinapata pikseli moja na nusu hivi. Hakuna atakayeziona. Tuliomba kipande cha pili kiwe na kipimo chake chenye ukomo wa milioni 1.4, ambapo 10,000 zinapata pikseli 7, pamoja na kioo cha kukuzia juu ya sehemu ya chungwa. Kisha, mnapohamia kipande cha tatu, grafu inasinyaa mbele ya macho ya mtazamaji huku nguzo ya kwanza ikibaki na maandishi yake ya 1,000,000, ili ajue kwamba kilichobadilika ni kipimo wala fedha hazijapungua.

Kipande cha tatu, sekunde 30 hadi 55, ndipo miaka inapokimbia. Rasimu ya kwanza iliishia mwaka wa 10, penye 2,593,742 dhidi ya 2,000,000 za riba sahili, yaani riba inayohesabiwa juu ya mtaji peke yake kama katika kitabu cha kushoto. Tofauti hiyo ni halisi, lakini kwa macho nguzo hizo mbili bado zinafanana, na nilihofia kwamba wanachama wangeona hakuna jambo kubwa. Niliomba iendelee hadi mwaka wa 20, na sababu yangu iko katika zile rangi tatu. Katika mwaka wa 14, riba ya mtaji ni 1,400,000 na riba iliyozaliwa na riba ni 1,397,498. Sehemu ya njano na ya chungwa zinakaribia kulingana kabisa. Mwaka wa 15 chungwa inafika 1,677,248 na kuipita njano yenye 1,500,000. Skripti mpya inasimamisha mwendo hapo kwa sekunde mbili, mistari miwili ya nukta inapima urefu wa kila rangi, na msimulizi ananyamaza. Mwaka wa 20 jumla ni 6,727,500, ambayo ndani yake chungwa peke yake ni 3,727,500, zaidi ya mtaji na riba ya mtaji vikiwekwa pamoja. Wangeishia mwaka wa 10, mtazamaji asingeliona kabisa tukio hilo.

Sasa nije kwenye kasoro ambayo ningependa kila mnunuzi aichunguze, kwa kuwa haionekani kwenye karatasi. Skripti iliandika kwamba nguzo "zipande kwa ulaini" kutoka mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Mchoraji alifanya kile ambacho wachoraji wengi hufanya katika programu ya uhuishaji ya After Effects: aliweka alama ya mwanzo na ya mwisho, akabonyeza F9 kupata Easy Ease. Matokeo yake, mwendo ulianza taratibu, ukaongeza kasi katikati, kisha ukapoa mwishoni. Kwa nembo inayoingia kwenye skrini hiyo ni adabu nzuri, lakini kwa grafu ya riba limbikizi ni uongo, kwa sababu mtazamaji anaona ukuaji ukipungua katika miaka ambayo kwa kweli unakuwa mkubwa kuliko yote. Kinachotakiwa ni saa ya miaka kwenda kwa mwendo sawa, sekunde moja kwa kila mwaka, na urefu wa nguzo kufuata hesabu yenyewe. Ulaini ubaki kwa maandishi na vibao vinavyoingia na kutoka. Studio iliongeza sentensi hiyo kwenye safu ya picha, na tangu hapo sikuona ubishi tena kati ya skripti na mchoro.

Kipande cha nne kilikuwa na kosa la jamaa hiyohiyo. Kilionyesha sarafu moja ikivimba mpaka kipenyo chake kiwe mara 2.59 ya mwanzo, eti kuonyesha miaka 10. Kipenyo kikikua hivyo, eneo la sarafu linakua karibu mara 6.7, na jicho husoma eneo. Tuliifuta sarafu na kuweka nguzo mbili za mwaka wa 20 zikiwa bega kwa bega, 3,000,000 na 6,727,500, basi.

Fomula inakuja katika kipande cha tano, baada ya picha zote, na ninaunga mkono mpangilio huo. Inaandikwa hivi, A ikiwa jumla, P mtaji, r kiwango cha riba kwa mwaka, na n idadi ya miaka:

```
A = P(1 + r)^n
```

Kila herufi inapata rangi ya kile ilichokiwakilisha: P inakuwa ya kijani kama mtaji, na n inahesabu 1, 2, 3 huku vitabu vya akiba vya mwanzo vikipita kwa nyuma. Sekunde 10 zinatosha. Anayetaka zaidi atasimamisha video.

Kipande cha mwisho ndicho nilichokipigania zaidi, kwa sababu rasimu ilikipa sekunde tatu za maandishi madogo yasemayo "vigezo na masharti kuzingatiwa". Mfano mzima umesimama juu ya sharti kwamba riba inabaki ndani. Katika akaunti nyingi za muda maalumu riba hulipwa muda unapoiva, na mteja asipoagiza iingizwe kwenye mtaji na mkataba uhuishwe, hubaki na riba sahili. Hatifungani za Serikali ya Tanzania nazo hulipa riba kila baada ya miezi sita kwenye akaunti ya mwekezaji. Ulimbikizaji unatokea pale tu anapoiwekeza tena. Kuna pia kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba ya benki. Ikikatwa kila mwaka, riba yetu ya asilimia 10 inakuwa ya 9, na milioni yetu ya mwaka wa 10 inashuka kutoka 2,593,742 hadi 2,367,364. Skripti ya mwisho inaionyesha hivi: nguzo ileile ya rangi tatu, mkasi mdogo unakata kijisehemu cha njano na cha chungwa kila mwaka, na kivuli cha nguzo ambayo haijakatwa kinabaki nyuma yake. Mishale miwili inatoka kwenye tofali la njano. Mmoja unarudi ndani ya nguzo, mwingine unaelekea kwenye pochi, na ukifuata wa pochi rangi ya chungwa haitokei.

Kuhusu bei, ilikuwa ya wastani, ila mkataba ulihesabu awamu mbili tu za marekebisho, na ya pili tuliimalizia kwenye lile suala la vipimo. Ningeshauri mnunuzi aombe jedwali la namba za kila mwaka liambatanishwe na skripti tangu mwanzo, kwa sababu sisi tulilazimika kulitengeneza wenyewe kwa ajili ya mchoraji. Pia rasimu ya mchoro itazamwe kwenye simu, sauti ikiwa imezimwa, kabla ya awamu ya mwisho ya marekebisho kufungwa. Studio yenyewe nitaitumia tena, kwa video ya mkopo unaopungua salio, ambako rangi tatu zitalazimika kwenda kinyume.