TAHADHARI: Jamaa wa Kariakoo anayejidai "kufunga akaunti za marehemu"

Wenye msiba hapa Dar, huyu mtu yuko kazini mpaka leo. Yule yule wa meza na kompyuta ndogo, wengi mnamjua kwa sura. Safari hii kamliza mjane wa Tabata ambaye hata arobaini ya mumewe haijafika.

Na msimwite mjinga. Jamaa alimpokea kwa pole, akauliza cheti cha kifo. Mama akatoa kibali cha mazishi, jamaa akakikataa: "Hapana mama, Facebook wanataka cheti cha RITA." Kweli kabisa. Akamrudisha nyumbani akakilete, akakisoma mstari kwa mstari, akasema jina la kwenye akaunti halifanani na la kwenye cheti, kwa hiyo kazi itakuwa ngumu. Hapo napo alisema kweli. Nani asingemwamini mtu wa namna hiyo? Akadai shilingi 150,000, "ada ya Facebook". Halafu ndiyo ikaja yenyewe: "Weka laini ya marehemu kwenye simu, kuna namba zitaingia, nisomee." Tarakimu sita zikaingia. Mama akasoma. Zikaingia nyingine, akasoma tena. Jamaa akamwambia asiguse simu mpaka kesho, "mfumo unashughulikia".

Usiku ule ule marehemu akaanza kuwaandikia wafanyakazi wenzake na ndugu wa Morogoro: mjane amezidiwa, tumeni kwenye namba hii. Watu wakatuma. Laana hii!

Sasa tuelewane. Hakuna hatua yoyote ya kufunga akaunti ya marehemu inayohitaji umsomee mtu mwingine namba za uthibitisho. Zile za kwanza zilikuwa za kubadilisha nywila ya Facebook, za pili za kuhamishia WhatsApp kwenye simu ya tapeli. Na ada hakuna. Facebook na Google hawatozi hata senti, na wote wawili hawampi mtu nywila ya marehemu, awe mke au wakili.

Facebook ina maombi ya aina mbili, na watu huyachanganya. La kwanza, "Memorialization Request", ni la kuifanya akaunti iwe ya kumbukumbu: unaambatisha cheti cha kifo, au tangazo la kifo, au kadi ya kumbukumbu. Likikubaliwa, hakuna anayeweza kuingia tena, hata aliye na nywila. Ndiyo maana akaunti ikiibwa, anza na hili. La pili ni la kuifuta kabisa. Hapo cheti cha kifo ndicho njia fupi. Usipokuwa nacho, unahitaji hati inayoonyesha una mamlaka, mfano wosia, barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, au cheti cha kuzaliwa kama marehemu alikuwa mtoto, pamoja na tangazo au kadi ya kumbukumbu. Instagram kwenye kufuta huomba uthibitisho kwamba wewe ni ndugu wa karibu, mfano cheti cha kuzaliwa cha marehemu, cha kifo, au hati kwamba wewe ni mwakilishi wake kisheria.

Maombi mengi hukwama kwenye jina. Cheti kinasema majina matatu, akaunti inasema "Baba Fulani Fundi". Hati ilingane na akaunti kwa jina na kwa tarehe ya kuzaliwa au ya kufa. Kama jina la mtaani ndilo liko kwenye akaunti, tangazo la msiba lenye majina yote mawili husaidia. Namba ya NIDA ifunike kabla ya kupiga picha, hawaihitaji.

Google wana fomu yao, "Submit a request regarding a deceased user's account". Wanataka kitambulisho chako na cheti cha kifo. Hati isiyo ya Kiingereza, kama ile ya Mahakama ya Mwanzo, itafsiriwe na tafsiri ithibitishwe.

WhatsApp usihangaike na vyeti. Rudisha laini ya marehemu kwenye simu yako, sajili upya, tapeli anatolewa. Ikiomba PIN usiyoijua, kaiweka yeye. Utasubiri siku 7. Kisha futa akaunti kwenye mipangilio. Kwa hiyo msikimbilie kufunga laini kabla ya akaunti.

Dalili za huyu mtu? Anataka laini. Anataka ada. Hakuonyeshi fomu anayojaza. Basi.

Afungwe! Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, kwa nini bado ana meza? Mtu anayekula rambirambi anyang'anywe hata hiyo kompyuta hadharani. Waliotuma pesa, kachukueni RB polisi, na ule ujumbe wa kitapeli utumeni 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Mjane hawezi kwenda peke yake na eda yake, ndugu wa Morogoro mko wapi?