Kava lililogeuza "sitini" kuwa "tisini": uzoefu wangu

Nauza dagaa wakavu. Mzigo nauchukua Kibirizi, hapa Kigoma, na wateja wangu wengi wako Tabora, kwa hiyo biashara yangu karibu yote inapita kwenye simu. Mwezi uliopita nilinunua kava jipya kwa shilingi elfu saba pale Mwanga, lile la mpira mgumu lenye pembe nene za kuzuia simu isipasuke ikianguka. Siku hiyo hiyo nikabandikiwa na protekta ya kioo. Kwa kulinda simu sina malalamiko: imeshaanguka mara mbili kwenye sakafu ya saruji na haina hata mkwaruzo. Tatizo lilikuwa sauti.

Siku ya tatu mteja wangu wa Tabora akaniambia, "Dada, mbona unaongea kama uko ndani ya pipa?" Nikasema ni mtandao, tukaendelea. Nilimwambia namtumia kilo sitini. Mzigo ulipofika akapiga kuuliza kilo thelathini nyingine ziko wapi, maana yeye alisikia tisini na alishawaahidi wateja wake. Ilinibidi nitafute kilo thelathini haraka, kwa bei ya juu, ili asiaibike.

Nikaenda kwa fundi. Akapiga simu moja, akasikiliza, akasema maiki imekufa, na kwa kuwa maiki ya chini ya simu yangu imekaa kwenye ubao mmoja na tundu la chaji, inabidi tubadilishe ubao wote kwa elfu ishirini na tano. Nilikuwa nimeshafungua pochi. Kilichonizuia ni jambo moja nililolikumbuka: nikiweka laudispika, watu wananisikia vizuri. Nikiiweka sikioni, ndipo napotea. Maiki iliyokufa ingekuwaje na ubaguzi huo?

Jibu ni kwamba simu hizi hazina maiki moja. Yangu ina matundu mawili ya maiki. Moja liko chini, pembeni ya tundu la chaji, dogo kama ncha ya kalamu. La pili liko juu, ukingoni. Simu nyingine zina la tatu karibu na kamera ya nyuma au ndani ya ule mpasuo wa spika ya sikio. Ukiongea simu ikiwa sikioni, kazi kubwa inafanywa na maiki ya chini kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mdomo. Ukiweka laudispika, simu nyingi huhamia maiki ya juu, kwa kuwa ya chini imekaa jirani na spika yenyewe na ingerudisha sauti ya mtu unayeongea naye.

Halafu maiki ya juu ina kazi nyingine. Kelele za mbali, kama injini za boti pale Kibirizi, zinafika kwenye maiki zote mbili kwa nguvu zinazokaribiana, lakini sauti yako inapaswa kuwa kubwa zaidi chini. Simu inalinganisha, kisha inapunguza kile kinacholingana. Sasa ukiziba ya chini, sauti yako nayo inafika kwa kulingana juu na chini, na simu inaihesabu kuwa kelele. Ndiyo maana nyumbani nilisikika kwa shida tu, lakini mwaloni maneno yalikatika kabisa. Na mpira ukiziba tundu, kinachopotea kwanza ni zile sauti kali za "s" na "t". Ukiziondoa, sitini na tisini hazina tofauti.

Hivi ndivyo nilivyopima, na nashauri ufuate mpangilio huu kabla hujamlipa fundi yeyote. Kwanza nilichomoa spika za masikio na kuzima Bluetooth, kwa sababu simu ikiunganishwa na kitu hicho inaweza kuchukua sauti huko na ukapima maiki isiyo yako. Nikavua kava, nikaingia chumbani palipotulia, nikafungua programu ya kurekodi sauti iliyomo kwenye simu. Usitumie simu ya kupigiana kwa hatua hii. Rekodi inabaki ndani ya simu, kwa hiyo mtandao hauwezi kusingiziwa. Nikashika simu umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni nikasema kwa sauti ya kawaida: "sitini, tisini, sita, saba." Nikavaa kava, nikarudia maneno yale yale kwa umbali ule ule. Kisha nikasikiliza rekodi zote mbili kwa spika za masikio. Ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa kama mtu anayeongea nyuma ya pazia zito.

Hapo nilijua ni kava, ila nikataka kujua ni tundu lipi. Nikavua kava tena, nikaanza kurekodi, nikapapasa taratibu kwa ncha ya kidole kandokando ya tundu la chini huku nikitaja "chini", kisha la juu nikitaja "juu". Maiki iliyo wazi inanasa mpapaso kama upepo mkali. Nilirudia nikiwa narekodi video, maana programu ya sauti ya simu nyingine hutumia maiki ya chini peke yake, na video ndiyo huiamsha ya juu au ya nyuma. Yote mawili yalikuwa mazima. Nilipovaa kava, la juu lilibaki vile vile, la chini likawa kimya.

Nikamulika kwa tochi ndani ya tundu la kava. Badala ya kuona kitobo cheusi cha simu, niliona mpira. Tundu lilikuwa limepishana na maiki kwa kama milimita mbili. Kumbe kava lilikuwa la toleo jirani la simu yangu, umbo ni lile lile ila matundu ya chini yamehama. Muuzaji aliniambia "inaingia hiyo hiyo", na kweli iliingia.

Nililivua, nikapanua tundu kwa wembe kuelekea upande wa maiki, nikapima tena mpaka rekodi mbili zikafanana. Usikate likiwa kwenye simu. Na tafadhali usichokoe tundu la maiki kwa sindano wala kile kipini cha kutolea laini. Tundu la laini linafanana nalo sana, na ukikosea unatoboa maiki iliyokuwa nzima. Ukivua kava na rekodi bado ni mbovu, basi sasa ndipo uende kwa fundi, kwani inaweza kuwa uchafu ndani au maiki kweli.

Protekta yangu haikuwa na hatia, ila ya shangazi ilikuwa nayo. Yake ilibandikwa kwa gundi ya maji inayokaushwa kwa taa, ikaingia kwenye mpasuo wa juu ambako simu yake ina maiki. Dalili zake zilikuwa kinyume cha zangu: sikioni anasikika, laudispika hasikiki. Gundi hiyo ikishakauka ndani, kuvua protekta hakusaidii.

Kava hili nalipatia nyota tatu: mbili kwa ulinzi, moja kwa kukubali wembe. Siku hizi dukani navaa kava, narekodi "sitini, tisini" mbele ya muuzaji, nasikiliza, ndipo nalipa.