Uzoefu wangu na After Effects: herufi zinazotokea moja moja na ng'ombe anayejichora

Nimekuwa nikitumia After Effects, programu ya kuanimeti video, kwa kazi ndogo ndogo za matangazo, na leo naongelea vitu viwili tu humo ndani, kile kinacholeta maandishi herufi kwa herufi na ile `Trim Paths` inayofanya mstari ujichore wenyewe, sababu ndo vitu wateja wangu wanaviomba kila siku na ndo vilinichukulia muda mrefu kuvielewa.

Kazi yenyewe ilikuwa tangazo la sekunde 6 la jamaa anayeuza maziwa. Alitaka maneno MAZIWA YA NG'OMBE yaandikike kama mtu anataipu, alafu mchoro wa ng'ombe wa mstari ujichore pembeni. Video ilikuwa fremu 25 kwa sekunde.

Tuanze na maandishi. Unaandika maneno yako, unafungua leya, unabonyeza `Animate` na kuchagua `Opacity`, unaishusha mpaka 0. Hapo maandishi yote yanapotea na mtu anaweza kudhani ameharibu, kumbe ndo inavyotakiwa. Kilichotokea ni kwamba programu imekutengenezea `Range Selector`, na hiyo kazi yake ni kusema hii sifuri iwapate herufi zipi. `Start` ikiwa 0% na `End` 100% basi imewapata wote. Ukiweka kifremu (kile kialama cha almasi kwenye taimlaini) cha `Start` kwenye 0% na kingine mbele kwenye 100%, lile eneo linazidi kupungua kuanzia kushoto na herufi zinatoka humo moja moja zinaonekana. Yani huanimeti herufi hata moja, unasogeza mpaka wa eneo tu. Mimi nilivyoelewa hilo ndo kila kitu kingine kikaingia akilini.

Sasa muda. MAZIWA YA NG'OMBE ina alama 17 ukihesabu nafasi na ile apostrofi. Nikaweka fremu 34, kila alama ikapata fremu 2, kama sekunde moja na theluthi hivi kwa yote, spidi nzuri ya kutaipu. Ila nilivyoplei niliona herufi zinafifia zikija badala ya kutokea pap, kama mtu anawasha taa ya mafuta. Sababu ni `Smoothness` iliyoko kwenye `Advanced`, inakuja ikiwa 100%, ukiishusha 0% kila herufi inatokea mara moja. Na vifremu vyenyewe viache vya mstari mnyoofu, usiviwekee `Easy Ease`, maana ukiviwekea herufi za mwanzo na za mwisho zinajikokota na za katikati zinamwagika kwa pamoja, mtu hataipu hivyo.

Alafu kuna hili la kwetu sisi tunaoandika Kiswahili. Programu inahesabu apostrofi kama herufi kamili, kwa hiyo kwenye NG'OMBE inakuja N, alafu G, alafu kialama peke yake kinaning'inia, ndo inafuata O. Kwa macho yangu ng' ni sauti moja na kuikata vipande vitatu kunakera, hasa maneno yakiwa makubwa skrini nzima. Kwa staili ya kutaipu nimeiacha kwa sababu hata kwenye kibodi unabonyeza mara tatu, ila kwa vichwa vya taratibu huwa nabadilisha `Based On` kutoka `Characters` kwenda `Words`, neno zima linakuja kwa pamoja. Nafasi kati ya maneno nayo inahesabiwa, inakula fremu zake 2, na hiyo naipenda maana inaleta kapumziko kadogo. Usipoitaka kuna `Characters Excluding Spaces`.

Ukitaka herufi zipande kutoka chini kwa ulaini badala ya kutaipu, ongeza `Position` kwenye animeta ileile uisogeze chini kidogo, badilisha `Shape` iwe `Ramp Up`, na hapa `Start` ifute vifremu vyake ibaki 0%, animeti `Offset` kutoka -100% mpaka 100%. Ukiona herufi nyingi mno zinatembea kwa wakati mmoja punguza `End` iwe kama 30% na `Offset` ianzie -30%, wimbi linakuwa fupi. Hii ndo sehemu ya programu nayoipa alama zote.

Ng'ombe sasa. Mchoro ulikuja kama faili la vekta, nikaubadilisha kwa `Create Shapes from Vector Layer`, ukawa na vipande 11, mgongo, tumbo, miguu, masikio, mkia na kadhalika. Nikaongeza `Trim Paths`, `End` kutoka 0% mpaka 100% kwa fremu 50, nikaplei, likajichora sikio moja tu, mwili mzima umekaa pale toka mwanzo. Kosa langu, nilikuwa nimechagua kundi la sikio wakati naongeza, na `Trim Paths` inakata njia zile tu zilizo juu yake ndani ya kundi ilimo. Nikaitoa nikaiweka nje, chini ya makundi yote, ikawapata wote.

Ila bado haikuwa na raha. Vipande vyote 11 vilianza pamoja na kumaliza pamoja, na kwa kuwa inahesabu asilimia ya urefu wa kila njia, mstari mrefu wa mgongo ulikuwa unakimbia huku sikio linatambaa. Hakuna mkono unaochora hivyo. Dawa iko kwenye `Trim Multiple Shapes`, toa `Simultaneously` weka `Individually`, vipande vyote vinakuwa kama uzi mmoja, kinaisha kimoja kinaanza kingine, na spidi ya ncha inakuwa ileile mwanzo mwisho. Mchoro ukaanzia mguu wa nyuma, nikapanga upya makundi ili kichwa kitangulie. Mkia ulikuwa unajichora kutoka ncha kuja mwilini, hapo kuna vitufe vidogo vya mishale pembeni ya jina la njia vinageuza mwelekeo, bonyeza kimoja imeisha.

Rangi ya ndani usiiache kwenye leya hiyohiyo. `Trim Paths` inakata njia, na rangi inajaza kile kilichobaki, kwa hiyo katikati ya kuchora utaona bonge la rangi limekatwa pande moja kama kipande cha karatasi. Mimi huwa nadupliketi leya, ya juu mstari mtupu, ya chini rangi tupu bila `Trim Paths`, na hiyo ya chini naipandisha `Opacity` taratibu mstari ukikaribia kumaliza.

Kitu kimoja ambacho watu wengi wanakitegemea na hakipo hivyo, ni mwandiko wa mkono. Mteja aliomba baadae neno Maziwa kwa fonti ya mwandiko lijichore. Ukitumia `Create Shapes from Text` unapata muhtasari wa herufi, kingo zake za nje, kwa hiyo `Trim Paths` inazunguka ukingo badala ya kupita katikati kama kalamu. Inabidi uchore mwenyewe kwa peni juu ya herufi, mstari mnene wa kufunika mwandiko wote, ndo huo uuwekee `Trim Paths` na uutumie kama `Alpha Matte` ya maandishi, yani maandishi yaonekane pale tu mstari ulipopita. Na pale mstari unapojirudia, kama ile a inayojifunga, mstari mnene unafunua kipande cha jirani kabla ya zamu yake, unaona kidoa kinatokea mapema. Nikakata a zote mbili zikawa na njia zake na matte zake. Neno la herufi 6 lilinilia mchana mzima, na siku hizi kazi ya namna hiyo naitoza bei yake tofauti kabisa na ya kutaipu.